Kwa nini harufu ya sifa inanirudisha kwa babu kuliko picha yake?

BintiMkomani

Asalaam alaikum ndugu zangu. Nina swali limenikaa tangu Idi. Nilikwenda Matondoni na binamu zangu, tukapita pale wanapounda vyombo. Fundi mmoja alikuwa akipaka dau sifa, yale mafuta ya papa, na kando yake pana debe la shahamu na chokaa ya kupaka chini. Harufu yake mnaijua, mgeni huziba pua akapita mbio. Mimi ilinishika hadi nikakaa chini. Nikauona mkono wa babu yangu, kitambara kimezungushwa vidoleni, ukucha wa dole gumba umepasuka, na mimi nimekalia gogo la mkoko kanzu imelowa. Machozi yakanitoka kabla sijajua nalilia nini.

Sasa, picha ya babu iko ukutani kwetu Mkomani. Kila nikirudi nyumbani naipita asubuhi na jioni, na hainifanyi kitu. Udi nafukiza kila Ijumaa huku Nairobi ninakofanya kazi, na babu alikuwa mtu wa udi kwelikweli, lakini wapi! Mbona sifa na si udi? Mbona harufu na si picha? Anayejua mambo ya ubongo anifafanulie. Ile ya "roho haisahau" nimeshaambiwa na shangazi, msinirudishie.

Langoni_Kwetu

Dada, jibu ni fupi. Macho, masikio, ngozi, vyote hivyo taarifa zake hupita kwanza kwenye thalamasi, pale katikati ya ubongo. Ni kama mapokezi ya hospitali, lazima uandikishwe ndipo upelekwe chumba chako. Harufu haipiti mapokezi. Inatoka puani inaingia moja kwa moja kwenye hipokampasi, ambako kumbukumbu zimewekwa. Ndiyo maana ina kasi kuliko kitu chochote unachokiona. Imekwisha hiyo.

Mpenda_Udi

Samahani, nimeona mnazungumzia udi. Nani anauza udi wa kweli pale mjini, si vile vipande vilivyochovywa mafuta vikakaushwa? Nilinunua pakiti juzi, ukiiweka kwenye chetezo inatoa moshi mweusi na harufu ya tairi.

Siti_wa_Shela

Bwana we, mada ni ubongo. Fungua uzi wako.

Tabibu_Malindi

Wa alaikum salaam BintiMkomani. Nafanya kazi kwenye kliniki ya masikio, pua na koo, kwa hiyo pua ndiyo riziki yangu. Langoni yuko nusu ya njia. Tuifuate hiyo sifa yenyewe tuone inapita wapi.

Mafuta yale yakipata jua hutoa mvuke wenye molekuli za aina nyingi. Ukivuta pumzi, chache kati yake hupanda hadi juu kabisa ndani ya pua, kwenye utando wa sentimita chache za mraba. Hapo pana seli za neva ambazo ncha zake zimechungulia hewani, kitu ambacho huwezi kukiona kwingine mwilini. Kila seli hubeba kipokezi cha aina moja, na binadamu tuna aina zipatazo 400. Jeni za vipokezi hivyo zilitambuliwa na Linda Buck na Richard Axel mwaka 1991, kazi iliyowapa Nobeli mwaka 2004. Molekuli moja huamsha aina kadhaa za vipokezi, na sifa nzima huamsha mpangilio wake ambao shahamu pekee haiwezi kuutoa.

Nyuzi za seli hizo hupenya mfupa mwembamba wenye vitundu, zikaingia kwenye vinundu viwili vya harufu vilivyolala chini ya ubongo wa mbele. Kutoka vinundu hivyo ndipo mambo yanapokuwa ya ajabu. Waya unaofuata haupandi kwenda juu kama wa macho. Unagawanyika na kufika sehemu kadhaa kwa wakati mmoja. Tawi moja huenda kwenye gamba la harufu, ambalo huukusanya ule mpangilio ukawa kitu kizima: "hii ni sifa". Jingine huingia amigdala, inayopima kama jambo hili ni la hofu, la raha, au la kupuuzwa. Jingine huishia kwenye gamba lililo jirani ya hipokampasi, ambalo ndilo lango lake.

Kwa hiyo kutoka neva ya pua hadi amigdala kuna viungo viwili vya neva, na hadi hipokampasi vitatu. Langoni, haiingii moja kwa moja, ila njia ni fupi kweli. Na thalamasi haikuachwa kabisa. Ukiinusa harufu kwa makusudi, ukajaribu kuamua ni nini, kuna njia inayotoka gamba la harufu, ikapita thalamasi, ikafika sehemu ya ubongo iliyo juu ya macho. Tofauti ni kwamba hisia na kumbukumbu hazisubiri njia hiyo.

Langoni_Kwetu

Sasa si ndiyo nilivyosema? Umetia nakshi tu. Njia fupi, kasi kubwa, kumbukumbu kali.

Tabibu_Malindi

Hapo kwenye kasi ndipo tusipokubaliana. Mtu huitambua picha upesi kuliko anavyoitambua harufu. Molekuli lazima zisafiri na pumzi, ziyeyuke kwenye kamasi, zikamate kipokezi. Kama kasi ndiyo siri, ile picha ya ukutani ingemliza BintiMkomani kabla hajatoka nyumbani.

Tena ile njia fupi hupitiwa na harufu zote, ya sabuni, ya mnazi, ya lifti ya ofisini. Mbona nyingi hazituletei chochote? Njia inaeleza kwa nini harufu *inaweza* kugusa hisia mapema hivyo. Haielezi kwa nini hii na si ile. Hilo ndilo swali la dada, na jibu lake haliko kwenye ramani ya neva peke yake.

Nahodha_Mstaafu

Mimi ni mtu mzima, nasoma polepole, mnisamehe. Mwaziona harufu kuwa ni kumbukumbu njema tu. Mashine yangu iliwaka moto njiani kwenda Kiwayuu, zamani hizo. Tulitoka salama, alhamdulillah. Lakini hata yeo mtu akichoma plastiki karibu na petroli, moyo hunenda mbio na viganja hutoa jasho, nami nimekaa barazani nakunywa kahawa. Moto siuoni kwanza. Mwili huanza, moto huja baadaye. Wanangu hunicheka.

Tabibu_Malindi

Wasikucheke mzee. Umeeleza mpangilio wenyewe kuliko mimi. Amigdala inaunganika na sehemu zinazoendesha moyo na jasho, na haihitaji ujue jina la harufu ndipo ifanye kazi yake. Jambo la hofu likiambatana na harufu fulani, mara moja inaweza kutosha. BintiMkomani naye amesema machozi yalitangulia, sababu ikafuata. Ni utaratibu ule ule, tofauti ni kilichowekwa ndani.

Ikiwa hali hiyo inakukosesha usingizi au unaikimbia bandari kwa sababu yake, kuna washauri wanaoshughulika nayo kwa hatua ndogondogo. Si jambo la kulivumilia tu.

Nahodha_Mstaafu

Usingizi nalala. Bandarini naenda. Petroli siuzi.

BintiMkomani

Ahsante sana Tabibu, na pole Nahodha. Lakini bado sijaelewa udi. Babu alikuwa akifukiza kila Ijumaa, nilikuwa naye siku hizo pia.

Tabibu_Malindi

Hesabu nawe: tangu utoto umesikia udi wapi? Kwa babu, kwenye maulidi, harusini, msibani, kwa jirani, dukani, na sasa kila Ijumaa kwako Nairobi. Harufu hiyo imefungwa kwenye mambo mengi mno, na ukiivuta huja yote pamoja, yaani haliji lolote waziwazi. Sifa je? Umeisikia Matondoni ukiwa mtoto, kisha ukahamia bara ambako hakuna anayepaka chombo. Imekaa miaka yote haijaguswa, imefungwa kwenye mahali pamoja na mtu mmoja.

La pili ni kwamba kitu cha kwanza kilichounganishwa na harufu hushika sana. Mwaka 2009 kulichapishwa utafiti ambao watu waliunganisha vitu na harufu au sauti, kisha vitu vile vile vikaunganishwa na vingine. Walipopigwa picha za ubongo wiki moja baadaye, ule muungano wa kwanza wa harufu ulikuwa na alama yake kwenye hipokampasi, tofauti na wa pili.

La tatu ni umri. Watafiti wa Uswidi, Willander na Larsson, mwaka 2006 waliwapa wazee vichocheo vya aina tatu: maneno, picha na harufu, kila mtu aina yake. Waliopewa maneno na picha walikumbuka zaidi mambo ya umri wa miaka 11 hadi 20. Waliopewa harufu walirudi nyuma zaidi, kabla ya miaka 10. Wewe ulikuwa na umri gani pale kwenye gogo?

BintiMkomani

Nilikuwa sijaanza shule. Babu alifariki nikiwa darasa la kwanza.

Siti_wa_Shela

Na mimi niweke langu, maana limenikalia kooni. Nilipata korona, harufu ikakatika kama taa. Ilipoanza kurudi ilirudi mbovu. Kahawa inanuka kitu kilichooza. Vitunguu vikikaangwa nakimbia jikoni. Kibaya zaidi ni asumini. Mamangu alikuwa akitunga vikuba vya kuuza, nimelelewa ndani ya harufu hiyo. Siku hizi naishika asumini mkononi, macho yananiambia ni asumini, pua inaniambia ni nywele zilizoungua, na mamangu haji. Nakumbuka habari zake, naweza kuzisimulia. Lakini haji.

Pilau nalo: chumvi naipata, pilipili inawasha, limau chachu naiona, ila pilau halipo. Ulimi wangu umeharibika pia?

Tabibu_Malindi

Pole sana Siti. Ulimi wako ni mzima, umeutaja mwenyewe: chumvi na uchachu ndio kazi yake, na muwasho wa pilipili hubebwa na neva nyingine kabisa ya uso. Kinachofanya pilau liwe pilau ni mvuke unaopanda kutoka nyuma ya koo kuingia puani wakati unatafuna. Hiyo ndiyo imekatika.

Kirusi kile kwa kawaida hakishambulii zile seli za neva zenyewe. Hushambulia seli zinazozitegemeza na kuzilisha, utando ukavurugika. Seli za harufu zina bahati moja: huzaliwa upya maisha yote kutoka kwenye seli mama zilizo chini ya utando. Lakini zikizaliwa nyingi kwa pamoja, kila moja inapaswa kupeleka uzi wake hadi mahali pake sahihi kwenye kinundu. Inadhaniwa kwamba nyuzi zikiwa chache au zikipotea njia, mpangilio unaofika ubongoni si ule wa zamani. Ubongo unapokea asumini yenye herufi pungufu, unaisoma vingine. Kumbukumbu ya mamako haijafutika, ila ufunguo umepinda.

Kuna mazoezi. Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, waliyachapisha mwaka 2009: harufu nne, waridi, mkalitusi, limau na karafuu, unazinusa moja moja kwa sekunde kama 10, mara 2 kwa siku, kwa wiki 12. Usivute kwa nguvu, nusa pumzi fupifupi, na ujaribu kuikumbuka harufu hiyo ilivyokuwa. Karafuu unayo jikoni. Marashi ya waridi ya kwenye mrashi ni maji mno, tafuta mafuta yake. Waliofanya walipata nafuu kuliko wasiofanya, lakini si wote, na wengi huendelea miezi zaidi ya hiyo. Kitunguu kinachokukimbiza usijilazimishe nacho.

Na jambo moja la kutofautisha. Mtu aliyepoteza harufu ghafla baada ya kuanguka akapiga kichwa, zile nyuzi zinazopita kwenye mfupa zinaweza kuwa zimekatika, aonwe mapema. Na anayepoteza harufu polepole bila mafua wala ajali, asinyamaze nayo. Inaweza kuwa ni vinyama vya puani, inaweza pia kuwa dalili ya mapema ya ugonjwa wa Parkinson.

Siti_wa_Shela

Karafuu naanza leo. Mkalitusi nitauliza Langoni.

Langoni_Kwetu

Upo dukani kwetu, chupa ndogo. Tabibu, nikuulize. Hipokampasi ikitolewa, mtu anaacha kusikia harufu?

Tabibu_Malindi

Yupo aliyetolewa. Henry Molaison, Mmarekani, alipasuliwa mwaka 1953 kwa ajili ya kifafa, wakaondoa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili, pamoja na amigdala na gamba la jirani. Ndiye yule ambaye baadaye hakuweza kuhifadhi jambo jipya. Walipompima harufu, alijua kwamba ipo, na alijua ipi kali na ipi hafifu. Lakini hakuweza kutofautisha hii na ile. Limau akiliona analitaja jina, akilinusa hajui. Kwa hiyo pua ilifika, kinundu kilifika, ila "hii ni nini" haikujibika tena. Kwa sababu vilitolewa vitu vingi pamoja, hatuwezi kusema ni kosa la hipokampasi peke yake.

BintiMkomani

Jamani nimerudi na jambo. Nilimsimulia kaka yangu mkubwa habari ya ukucha, gogo na kanzu iliyolowa. Akanisikiliza, kisha akasema dau la babu liliuzwa kabla sijazaliwa. Aliyekuwa akipaka sifa Matondoni nikiwa mdogo ni ami yetu, na babu alikuwa akikaa kivulini tu kwa sababu ya mgongo. Mama naye anasema babu alikuwa na ukucha uliopasuka, hilo ni kweli, ila kanzu nilikuwa sijapata bado, nilivaa gauni. Sasa niliona nini?

Langoni_Kwetu

Kaka yako ndiye amesahau. Kumbukumbu ya harufu haidanganyi, ndiyo uzi mzima unavyosema.

Tabibu_Malindi

Hapana, hakuna aliyesema hivyo. Hili limepimwa mara kadhaa, Rachel Herz ndiye aliyelishughulikia sana. Watu wakikumbushwa jambo lile lile kwa harufu, kwa picha au kwa maneno, harufu huleta hisia nzito zaidi na ile hali ya kujiona umerudi pale. Usahihi hauzidi. Amigdala inatia uzito, haihakiki tarehe.

Kwa BintiMkomani nadhani ilikwenda hivi. Hipokampasi haitoi filamu. Inaanzia kwenye kipande kimoja, ikavuta vipande vingine vilivyofungwa nacho: sifa, gogo, matope ya mikoko, mwili mdogo uliolowa. Ukucha wa babu ni wa kweli, uliuona kila siku. Mkono uliokuwa ukipaka ulikuwa wa ami. Vyote vilikuwepo pwani ile, ubongo ukaviunganisha kuwa mkono mmoja. Na kwa kuwa hisia ilikuwa nzito, hukuwa na sababu ya kushuku.

Namna ya kujua ni kama ulivyofanya, ila kwa mpangilio. Wewe, kaka na mama kila mmoja aandike peke yake anachokumbuka kabla hamjazungumza. Mkishasimuliana, mnaazimana vipande, na huwezi tena kujua kipi ni cha nani.

BintiMkomani

Tumeshasimuliana yote, tena kwa simu ya sauti kubwa, mama akicheka.

Nahodha_Mstaafu

Ami yako namjua nadhani, na alikuwa na vidole vizima. Lakini mwanangu, babu mtu mwenye mgongo mbovu pia hupaka sifa kidogo akichoka kukaa. Kaka yako hakuwa pale kila siku.

Mpenda_Udi

Mimi tena. Nimesoma uzi wote safari hii. Kwenye lile la udi kufungwa kwenye mambo mengi, mimi nina udi mmoja tu unaonirudisha, ule uliofukizwa chumbani usiku wa harusi yangu, ulichanganywa na kitu sijui nini. Ndio ninaoutafuta. Mke wangu anasema ulikuwa wa kawaida.

Siti_wa_Shela

Kumbe ulikuwa ndani ya mada siku zote!

BintiMkomani

Swali la mwisho. Nikijaza kichupa cha sifa nikaenda nacho Nairobi, nikawa nakifungua nikimkosa babu, kitaendelea kufanya kazi?

Tabibu_Malindi

Ukikifungua kila wiki, sifa itaanza kuwa harufu ya chumba chako cha Nairobi, kama udi ulivyo. Tena mafuta yale yanabadilika yakikaa na hewa, kwa hiyo hata mpangilio wake hautakuwa ule wa Matondoni. Mimi ningekiziba vizuri, nikaweka mahali pa baridi, nikafungua kwa nadra.

Langoni_Kwetu

Mbona unajipinga? Juu umesema muungano wa kwanza ndio unaoshika na wa pili haupati alama. Kama ni hivyo Nairobi haiwezi kumwondoa babu hata kichupa kifunguliwe kila siku.

Tabibu_Malindi

Hoja nzuri, na sitajifanya imekwisha. Utafiti ule ulipima wiki moja, kwa vitu walivyounganishiwa maabara. Si miaka ya kufungua kichupa. Ya kwanza hushika, nakubali, lakini naona wagonjwa wengi wanaosema harufu waliyoitumia sana "imechoka". Vyote viwili vinaweza kuwa kweli na bado sijui kipi kitamshinda mwenzake kwa BintiMkomani.

BintiMkomani

Basi nitachukua vichupa viwili. Kimoja nafungua kila Ijumaa, kingine namwachia mama amekiziba. Mwakani tuone.

Nahodha_Mstaafu

Ukipanda nacho basi, kitie ndani ya kopo, kopo ndani ya mfuko, mfuko ndani ya mfuko. Kikimwagika kabla ya Witu watakushusha.